Opsheni kwanza, hatifungani baadaye

Swali la faida kwa hisa iliyopunguzwa (IAS 33) likileta opsheni na hatifungani zinazogeuzwa kuwa hisa, usizijumlishe zote kwa mpigo. Anza na inayopunguza zaidi.

Chukua kampuni ya kubuni ya asali hapa Tabora. Faida baada ya kodi ni shilingi milioni 600, hisa 2,000,000, kwa hiyo faida ya msingi ni 300 kwa hisa.

Kuna opsheni 400,000 za kununua hisa kwa 1,500, na bei ya wastani sokoni mwaka mzima ni 2,000. Wastani, si bei ya Desemba 31; wengi hukosea hapo. Fedha zitakazoingia, milioni 600, zingenunua hisa 300,000 sokoni, hivyo 100,000 zinatoka bure. Hazigusi faida, ndiyo maana zinatangulia: 600m ÷ 2,100,000 = 285.71.

Sasa hatifungani za bilioni 1, riba 10%, zinazogeuzwa kuwa hisa 240,000. Riba inayookolewa, baada ya kodi ya 30%, ni milioni 70, yaani 291.67 kwa kila hisa mpya. Ukiilinganisha na 300 utaona inapunguza, na huo ndio mtego wenyewe. Linganisha na 285.71: 670m ÷ 2,340,000 = 286.32. Imepanda, kwa hiyo hatifungani zinaachwa nje na jibu linabaki 285.71.

Kama swali limetenganisha deni na mtaji, rudisha riba halisi iliyotozwa kwenye faida, si ile ya kuponi.