Tofauti ya malipo ya maziwa: igawe kwa bei ya lita

Malipo ya ushirika yasipolingana na daftari la mfugaji, usianze kubishana na karani. Chukua tofauti, igawe kwa bei ya lita.

Tuseme mfugaji wa Mpwapwa ana lita 298 mwezi mzima, bei shilingi 1,000. Lita 40 zilionekana nyepesi kwenye laktomita, zikapunguziwa shilingi 100 kila moja. Anabaki na 294,000. Toa mashudu aliyokopa, 45,000, na ada ya 5,000: alistahili 244,000. Kalipwa 232,000.

Zimepungua 12,000, yaani lita 12 kamili. Angalia sasa maziwa yaliyokataliwa: siku mbili yaliganda kwenye kipimo cha alkoholi, jumla lita 12. Kituoni hayakuandikwa kabisa, maana huandika yaliyopokelewa tu. Ofisini wakayatoa tena. Hiyo ndiyo hitilafu ninayokutana nayo zaidi.

Ikija namba isiyolingana na lita zozote, linganisha na makato. Huenda mashudu yamekatwa mara mbili. Na lita zikipishana kwa takribani asilimia 3 kila siku, uliza kama kituo kinapima kwa mizani: lita moja ya maziwa ina uzito wa kilo 1.03 hivi.