Kabla ya Kuwasha Osileta ya Colpitts: Hesabu ya Masafa na Nguvu ya Transista

Anayekwenda Luthuli Avenue jijini Nairobi kununua vipuri vya osileta ya Colpitts na amalize hesabu kwanza, kwa sababu kapasita mbili zinazogawanya volti za mzunguko wa LC haziamui masafa peke yake, bali pia kiasi cha nguvu ambacho transista itadaiwa. Katika mpangilio ninaouzungumzia, emita iko ardhini, C1 iko kati ya kolekta na ardhi, C2 iko kati ya besi na ardhi, na koili L inaunganisha kolekta na besi.

Sharti la Barkhausen linataka ishara, baada ya kuzunguka kitanzi kizima, irudi ilikoanzia ikiwa na ukubwa uleule na awamu ileile. Ukiita volti ya besi v, mkondo wa C2 ndio huohuo unaopita kwenye koili, hivyo volti ya kolekta ni v(1 − ω²LC2). Jumlisha mikondo yote inayotoka kwenye kolekta iwe sifuri, kisha utenganishe sehemu halisi na sehemu dhahania. Sehemu dhahania inatoa masafa, nayo halisi inatoa kiwango cha chini cha gm, yaani badiliko la mkondo wa kolekta kwa kila volti ya besi:

```
ω² = (C1 + C2) / (L·C1·C2)
gm·R = C2 / C1
```

Usawa huo unadumisha mtetemo uliokwisha kuanza. Ili uanze wenyewe, gm·R lazima izidi C2/C1. R ni ukinzani wote unaoonekana kwenye kolekta, na hapa wengi husahau upotevu wa koili.

Tuchukue L ya 10 µH, C1 ya 1 nF na C2 ya 4.7 nF. Masafa yanakuwa takriban 1.75 MHz. Rezista ya kolekta ikiwa 2.2 kΩ na koili ikiwa na Q ya 50, upotevu wa koili unaonekana kwenye kolekta kama 3.7 kΩ hivi, na vyote pamoja vinatoa R ya karibu 1.4 kΩ. Basi gm isipungue 3.4 mA kwa volti, ambayo kwa transista ya kawaida inadai mkondo wa kolekta wa takriban 0.085 mA. Mimi huweka 0.3 mA, kwani koili za madukani huenda zikawa na Q ndogo zaidi, na ziada hiyo hujipunguza yenyewe mtetemo unapokua.

Soma alama za kapasita kwa makini: 102 ni 1 nF, 472 ni 4.7 nF. Ukizibadilishana nafasi, masafa yatabaki yaleyale ilhali sharti la gm litabadilika, kwa hiyo kupima masafa hakutakuonyesha kosa hilo.

Weka pia kapasita ya 100 nF mfululizo na koili. Bila hiyo, koili inaunganisha kolekta moja kwa moja na besi. Mita itakuonyesha volti 0.7 hivi kwenye miguu yote miwili, na volti ulizopangia besi zitakuwa zimevurugika.

Mwisho, pima kwa probu iliyowekwa ×10. Ikiwa kwenye ×1 huleta karibu 100 pF, ambazo zikiongezwa kwenye C1 zitashusha masafa hadi takriban 1.69 MHz, nawe utadhani koili ndiyo yenye kasoro.