Hisa nane, lakini hatari ni moja

Nimeona mtu anajisifu ana hisa za kampuni nane pale soko la Nairobi, kucheki sita ni benki. Hapo hujatawanya kitu ndugu yangu. Agosti 2016 Uhuru Kenyatta alisaini sheria ya kubana riba za mikopo isizidi pointi 4 juu ya riba ya Benki Kuu, na hisa za benki zikaporomoka kwa pamoja, Equity, KCB, Co-op, zote, maana kilichoziumiza ni kitu kimoja.

Piga hesabu, una laki moja, na kati ya hiyo elfu 75 iko kwenye hisa za benki, zikishuka 20% umepoteza elfu 15, haijalishi ni benki sita au moja.

Kama una Excel weka mabadiliko ya bei ya kila mwezi (sio bei yenyewe, itakudanganya) ya hisa mbili, miaka mitatu hivi, alafu andika:

```
=CORREL(B2:B37,C2:C37)
```

Ikikaribia 1 zinatembea pamoja, ikiwa karibu na 0 kila moja na njia yake. Ila soko likipata hofu kubwa, kama Machi 2020, hata zile zisizohusiana zinashuka pamoja.