Kifungashio "kinachooza" na cha mboji: dampo halivichukulii sawa

Ukiona mfuko umeandikwa tu kwamba unaoza, bila kutaja muda wala mazingira, usiutegemee sana. Neno hilo peke yake halimfungi mtengenezaji. Kifungashio cha mboji, yaani kinachoweza kugeuka mboji, ni tofauti: tafuta alama EN 13432. Kiwango hicho cha Ulaya kinataka kifungashio kisagike ndani ya wiki 12, kiasi kwamba vipande vinavyobaki juu ya chekecheo la milimita 2 visizidi asilimia 10.

Lakini kipimo hicho ni cha kiwanda cha mboji, penye joto la karibu nyuzi 58, unyevu na hewa ya kutosha. Dampo lililoshindiliwa halina hewa.

Chukua glasi angavu ya PLA, ile plastiki ya wanga wa mahindi. Ikifukiwa dampo lisilo na joto la kutosha, hukaa miaka mingi karibu kama ilivyotupwa. Sahani ya makapi ya miwa huoza, ila kwa bakteria wasiotumia oksijeni, nao hutoa methani. Pasipo mabomba ya kuinasa, gesi hiyo hupanda hewani. (Ajabu ni kwamba hapo glasi isiyooza ina madhara madogo kwa tabianchi.) Mfuko wa plastiki ya kawaida uliotiwa chumvi za metali ili usambaratike haraka unahitaji oksijeni ili uchakae, ukifukiwa hauchakai, ukibaki juani hukatika vipande vidogo vya plastiki.

Kwa hiyo, kabla ya kununua, uliza taka zako zinapelekwa wapi. Kama ni dampo, tumia vyombo vya kuosha na kurudia. Glasi ya PLA usiichanganye na chupa za maji zinazorejelezwa, maana huzichafua.