Somo: Kugeuza orodha ya ajenda kuwa jedwali lenye muda, mwasilishaji na mwajibikaji

Makatibu wengi huandaa ajenda kwa mtindo wa orodha yenye namba, kuanzia kufungua kikao hadi mengineyo. Orodha ya namna hiyo humweleza mjumbe mambo yatakayozungumzwa na mfuatano wake, lakini haimwambii mwenyekiti afunge mjadala saa ngapi, wala haionyeshi ni nani atakayeulizwa kikao kijacho kama jambo lililoamuliwa limefanyika. Katika somo hili nitachukua ajenda ya kikao cha saa mbili, kinachoanza saa 3:00 asubuhi na kumalizika saa 5:00, na kuigeuza jedwali tangu mwanzo hadi mwisho. Ajenda yenyewe ilinifikia hivi:

```
1. Kufungua kikao
2. Kuthibitisha ajenda
3. Muhtasari wa kikao kilichopita na yatokanayo
4. Taarifa ya fedha (Mweka Hazina)
5. Kompyuta
6. Mafunzo ya wanachama wapya - Katibu Msaidizi
7. Mengineyo
8. Kufunga kikao
```

Hatua ya kwanza: safisha maneno kabla ya kugusa jedwali

Tazama namba 5. "Kompyuta" ni jina la kitu, si ajenda. Mjumbe akiisoma hawezi kujua kama anakuja kupokea taarifa ya kompyuta zilizoharibika, kujadili aina ya kununua, au kupitisha fedha, na hata wewe katibu huwezi kuipangia muda, kwa sababu taarifa huchukua dakika chache ilhali uamuzi huhitaji mjadala. Nilipomuuliza mwenyekiti, alieleza kwamba anataka kikao kichague nukuu moja ya bei kati ya tatu zilizopokelewa. Basi ajenda ikawa "Kuamua nukuu ya kununulia kompyuta". Kila ajenda ianze na kitendo ambacho kikao kitafanya: kupokea, kujadili, kuamua au kuthibitisha.

Katika hatua hiyohiyo, ondoa majina yaliyobandikwa mwishoni mwa mistari, yaliyo kwenye mabano na yanayofuata kistari, uyaandike pembeni, maana yatahamia kwenye safu yake.

Hatua ya pili: panga dakika kwanza, saa baadaye

Kosa ninaloliona mara nyingi ni katibu kuanza kujaza "3:00–3:30" katika mstari wa kwanza na kushuka hivyohivyo, mpaka anafika ajenda ya sita na kugundua kwamba saa 5:00 imeshapita. Anza na safu ya dakika. Waulize wawasilishaji wanahitaji muda gani, kisha jumlisha. Katika mfano wetu, kwa kufuata mpangilio wa ajenda, maombi yalikuwa 5, 5, 20, 30, 45, 30, 15 na 5, ambayo jumla yake ni dakika 155. Kikao kina dakika 120, kwa hiyo zimezidi dakika 35.

Usipunguze kila ajenda kwa kiwango sawa, kwani ajenda ya uamuzi ikibanwa itaahirishwa na kurudi kikao kijacho. Punguza pale ambapo watu wangesomewa kitu wanachoweza kujisomea. Taarifa ya fedha ilitumwa kwa wajumbe mapema, ikashuka kutoka dakika 30 hadi 20 za maswali. Mafunzo yalikuwa ya kutolewa taarifa tu, yakashuka kutoka 30 hadi 15. Muhtasari na yatokanayo vikapewa 15 badala ya 20, mengineyo 10 badala ya 15, na uamuzi wa kompyuta ukapunguziwa dakika 5 tu, ukabaki na 40. Jumla mpya ni 115. Dakika 5 zilizosalia nimeziweka kama akiba kabla ya mengineyo, nikazipa mstari wake, ili mjadala wa kompyuta ukivuka kidogo usile muda wa kufungia kikao.

Dakika zikishakubaliana na muda wa kikao, ndipo unapoandika saa: mwisho wa ajenda moja ndio mwanzo wa inayofuata. Mstari wa mwisho usipoishia saa 5:00 kamili, umekosea kujumlisha mahali fulani.

Hatua ya tatu: tofautisha mwasilishaji na mwajibikaji

Hapa ndipo jedwali linapopata thamani yake, na hapa ndipo watu huandika jina lilelile mara mbili bila kufikiri. Mwasilishaji ni anayesimama kueleza jambo ndani ya kikao, na kazi yake huisha dakika zake zikiisha. Mwajibikaji ni anayehakikisha kwamba ajenda inafika kikaoni ikiwa na nyaraka zake, na kwamba uamuzi uliotolewa unafuatiliwa baada ya watu kutawanyika. Wakati mwingine ni mtu mmoja. Katika ajenda ya kompyuta si mmoja: Katibu Msaidizi ndiye aliyekusanya nukuu na ndiye atakayezieleza, lakini fedha hazitoki bila Mweka Hazina, kwa hiyo Mweka Hazina ndiye mwajibikaji.

Baadhi ya ofisi huandika "Mhusika" juu ya safu hiyo. Mimi naliepuka neno hilo kwa sababu kila aliyemo kikaoni ni mhusika. "Mtekelezaji" nalo lina dosari, kwani anayewajibika anaweza kumtuma mwingine atekeleze. Na kamwe usiandike "Wote". Niliwahi kuandika hivyo mbele ya ajenda ya kutafuta ukumbi, nikiamini nawashirikisha wajumbe. Kikao kilichofuata kila mmoja alikuwa akidhani mwenzake ameshauliza bei, na hatukuwa na ukumbi.

Hatua ya nne: geuza maandishi kuwa jedwali

Katika Word huna haja ya kuchora jedwali tupu na kunakili neno moja moja. Kwanza ondoa namba za orodha kwa kuchagua mistari yote na kubonyeza tena kitufe cha namba, la sivyo namba zitaingia kwenye kisanduku cha saa na utasoma "5. 3:45". Kisha andika kila ajenda katika mstari mmoja, ukitenganisha sehemu zake kwa nukta mkato:

```
3:45–4:25;40;Kuamua nukuu ya kununulia kompyuta;Katibu Msaidizi;Mweka Hazina
```

Nimechagua nukta mkato kwa sababu mkato wa kawaida hutokea ndani ya ajenda zenyewe, kama vile "Kupokea taarifa ya mapato, matumizi na madeni", na hapo jedwali lingekatika katikati ya sentensi. Chagua mistari yote, uende `Insert > Table > Convert Text to Table`, na chini ya `Separate text at` uchague `Other` na kuandika `;`. Kabla ya kubonyeza `OK`, tazama `Number of columns`. Tunatarajia 5. Ukiona 6, kuna mstari wenye nukta mkato ya ziada. Funga kidirisha, urekebishe, urudie.

Mstari wa vichwa ukishauweka juu, uchague kisha ubonyeze `Repeat Header Rows` ili vichwa vijirudie jedwali likivuka ukurasa. Ndani ya `Table Properties`, kwenye `Row`, ondoa alama ya `Allow row to break across pages`, ili ajenda moja isigawanyike kurasa mbili. Matokeo ni haya:

| Saa (asubuhi) | Dakika | Ajenda | Mwasilishaji | Mwajibikaji |
|---|---|---|---|---|
| 3:00–3:05 | 5 | Kufungua kikao | Mwenyekiti | Mwenyekiti |
| 3:05–3:10 | 5 | Kuthibitisha ajenda | Mwenyekiti | Katibu |
| 3:10–3:25 | 15 | Kuthibitisha muhtasari na kupitia yatokanayo | Katibu | Katibu |
| 3:25–3:45 | 20 | Kupokea taarifa ya fedha | Mweka Hazina | Mweka Hazina |
| 3:45–4:25 | 40 | Kuamua nukuu ya kununulia kompyuta | Katibu Msaidizi | Mweka Hazina |
| 4:25–4:40 | 15 | Kupokea taarifa ya mafunzo ya wanachama wapya | Katibu Msaidizi | Katibu |
| 4:40–4:45 | 5 | Muda wa akiba | – | Mwenyekiti |
| 4:45–4:55 | 10 | Mengineyo | Wajumbe | Katibu |
| 4:55–5:00 | 5 | Kufunga kikao | Mwenyekiti | Mwenyekiti |

Maswali ya wanachama

Swali: Ndugu mwalimu, mwenyekiti wetu hubadilisha saa ya kuanza usiku wa kuamkia kikao. Je, nitaandika upya saa zote?

Jibu: Ndugu yangu, kama jambo hilo hutokea mara kwa mara, tengeneza jedwali lako katika Excel. Weka saa ya kuanza kwenye B2, dakika kwenye C2, na saa ya kumaliza kwenye D2, kisha uandike:

```
D2: =B2+C2/1440
B3: =D2
```

Siku ina dakika 1440, ndiyo maana tunagawanya kwa namba hiyo. Nakili fomula ya D2 na ile ya B3 kushuka chini, na visanduku vya saa uvipe umbo la `h:mm`. Baada ya hapo utabadilisha B2 peke yake. Ukiona desimali kama 0.375 badala ya saa, fomula haina kosa; umesahau tu kuweka umbo hilo.

Swali: Sisi tunakutana kwa njia ya mtandao na baadhi ya wajumbe hawatumii saa za Kiswahili. Mmoja aliona "3:00" akajiunga saa sita baada ya kikao kuanza. Tuandike vipi?

Jibu: Pole sana. Huyo aliisoma kama saa tatu ya alasiri kwa hesabu ya kimataifa, yaani 15:00, wakati ninyi mlimaanisha 09:00. Kwa kikao mchanganyiko andika mfumo wa saa 24 katika jedwali lote, na juu ya jedwali utaje ni majira ya wapi. Usichanganye mifumo miwili ndani ya safu moja hata kwa mabano, kwani macho ya msomaji mwenye haraka hutua kwenye namba ya kwanza. Wanaohitaji saa za Kiswahili waandikie saa ya kuanza tu ndani ya barua ya mwaliko, ukiongeza neno "asubuhi" au "jioni".

Swali: Ajenda yetu moja ina wawasilishaji watatu na inamilikiwa na kamati ndogo. Je, katika safu ya mwajibikaji niandike jina la kamati?

Jibu: Wawasilishaji watatu waandike wote, kila mmoja na dakika zake, na ikiwezekana uigawe ajenda mistari mitatu, 5(a) hadi 5(c), ili mwenyekiti ajue wa kwanza amekula muda wa nani. Kwa mwajibikaji, andika mwenyekiti wa kamati kwa cheo chake. Kamati haipigiwi simu.

Swali: Wajumbe wetu husoma ajenda kwenye simu na safu tano zinabanana hadi maneno yanakatika. Nifanyeje, dada?

Jibu: Ondoa safu ya dakika katika nakala ya wajumbe, kwa kuwa muda tayari unaonekana kwenye saa, ubaki nayo katika nakala yako na ya mwenyekiti. Geuza ukurasa ulale, ajenda uipe karibu nusu ya upana, kisha uhifadhi kama PDF ili jedwali lisivurugike likifunguliwa kwenye kifaa kingine. Kabla ya kutuma, lifungue kwenye simu yako mwenyewe na uangalie kama mstari wa ajenda ndefu kuliko zote unasomeka bila kukuza.