Kutuma hela Dodoma ukiwa nje: maswali ya kumaliza kabla ya kuuliza "nitumie njia gani?"

Dada mmoja wa Mpwapwa, muuguzi anayeishi Uingereza, alinipigia simu Alhamisi jioni. Baada ya salamu na habari za nyumbani akaingia kwenye jambo lenyewe: "Kaka, nataka kutuma hela. Njia ipi ni nzuri?"

Nikamjibu kwamba kwa swali hilo sina jibu. Mtu akifika stendi ya Nanenane akauliza "nipande basi gani?" bila kusema anakwenda Singida au Iringa, hata mpiga debe mwenye nia njema atampandisha lisilo lake. Nikamwuliza hela inatoka kwenye fedha gani na itapokelewa kwa fedha gani, ni kiasi gani, inatakiwa ifike lini, na anayepokea ataishika vipi mkononi. Tulipomaliza kuzungumza ikaonekana hakuwa na safari moja. Alikuwa na mbili, na kila moja ilihitaji njia yake.

Ya kwanza ilikuwa ya mama yake, aliyelazwa katika Hospitali ya Benjamin Mkapa. Zilitakiwa kama shilingi 650,000, na zilitakiwa kesho yake asubuhi. Ya pili ilikuwa kiwanja Iyumbu anachonunua kwa mtu binafsi. Bei ni shilingi milioni 13 na nusu, na muuzaji amempa wiki tatu.

Nianze na ya mama, maana ndiyo iliyokuwa inamnyima usingizi.

Hapa muda ndio unaoamua. Hela inayotumwa benki kwa benki kupitia SWIFT, mtandao ambao benki za nchi mbalimbali hupeana maelekezo ya malipo, huchukua siku za kazi, mara nyingi kati ya moja na tano. Ukituma Ijumaa jioni Uingereza, Dodoma ni usiku, na nyuma yake kuna Jumamosi na Jumapili. Kwa mgonjwa njia hiyo haifai hata kama makato yake ni madogo. Kinachofaa ni kampuni ya kutuma fedha inayoingiza moja kwa moja kwenye simu ya mpokeaji, iwe M-Pesa, Airtel Money, Mixx by Yas (ile tuliyoizoea kwa jina la Tigo Pesa) au HaloPesa. Mambo yakienda sawa ni suala la dakika.

Ila ukilipia kwa akaunti ya benki badala ya kadi, baadhi ya kampuni husubiri kwanza hela yako iwafikie wao. Kwa hiyo usitazame tu tangazo la "inafika papo hapo". Tazama muda unaoandikwa kwenye ukurasa wa mwisho kabla ya kubonyeza kutuma, ukiwa umeshachagua namna ya kulipia.

Halafu linakuja swali ambalo watu huliruka: laini hiyo imesajiliwa kwa jina la nani? Siku hizi laini zinasajiliwa kwa alama za vidole na namba ya NIDA, na jina unaloandika kwenye kampuni ya kutuma linapaswa kufanana na hilo. Mimi mwenyewe niliwahi kumtumia mjomba wangu wa Kondoa nikiandika jina tunalomwita nyumbani, kumbe laini ilikuwa ya mtoto wake. Hela ilikaa siku nne bila kuingia wala kurudi, na mjomba alikuwa anaihitaji kwa mbegu, mvua imeshaanza. Tangu siku ile, kabla ya kumtumia mtu kwa mara ya kwanza, namwomba anisomee jina kama lilivyo kwenye kitambulisho chake, na mtu mwingine pale Dodoma amtumie shilingi 1,000 ili tuone jina linalotokea kwenye skrini.

Na mpigie simu umsikie sauti. Ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii" unajulikana Tanzania nzima, na walio mbali ndio rahisi kunaswa, hasa mgonjwa akiwepo na akili imeruka.

Swali la mpokeaji ataishikaje lilimwokolea dada yule hela. Yeye alifikiri amtumie mdogo wake pamoja na ya kutolea, kama tunavyofanya siku zote. Lakini hospitali za serikali hulipwa kwa namba ya malipo, ile watu wanayoiita kontroo namba, na namba hiyo inalipwa moja kwa moja kutoka kwenye simu. Mdogo wake hakuwa na haja ya kwenda kwa wakala kutoa taslimu. Ya kutolea ikabaki kwa matumizi ya mama. Kama hela ingekuwa inakwenda kijijini, tuseme kule Kibakwe, ningemwuliza jambo jingine: wakala wa pale ana floti ya kiasi hicho? Mara nyingi laki sita haipatikani kwa mara moja, na mpokeaji analazimika kupanda gari hadi Mpwapwa mjini. Nauli hiyo nayo ni sehemu ya gharama ya kutuma, ingawa haiandikwi popote.

Sasa kiasi, maana hapa ndipo wengi tunapoliwa bila kujua. Kampuni hukata mara mbili. Kuna ada inayoonekana, na kuna tofauti kati ya kiwango chao cha kubadilishia na kiwango cha kati cha soko, kile unachokiona ukitafuta mtandaoni. Anayetangaza "ada sifuri" anajilipa kwenye kiwango.

Tuchukue mfano, namba ni za kufanyia hesabu tu. Soko linasema paundi 1 ni shilingi 3,400. Kampuni ya kwanza haitozi ada, ila inakupa 3,290 kwa paundi. Ya pili inatoza paundi 3, ila inakupa 3,385. Ukituma paundi 30, ya kwanza inafikisha shilingi 98,700. Ya pili inabadilisha paundi 27 tu na kufikisha 91,395. Hapo ya ada sifuri imeshinda. Ukituma paundi 200, ya kwanza inafikisha 658,000 na ya pili 666,845. Mambo yamegeuka. Kwa viwango hivyo zinalingana kwenye karibu paundi 107. Chini ya hapo ya kwanza ni nafuu, juu ya hapo ya pili. Ukifika paundi 4,000, ya kwanza inafikisha shilingi 13,160,000 na ya pili 13,529,845. Tofauti ni zaidi ya shilingi laki tatu na nusu, kwa hela ileile, siku ileile. Ada nyingi hupanda kadiri kiasi kinavyopanda, kwa hiyo rudia hesabu kwa kiasi chako halisi. Namba moja tu ndiyo ya kulinganisha: shilingi ngapi zitaingia kwa mpokeaji baada ya wewe kutoa paundi zako zote.

Ndiyo maana kumwambia mtu "mimi natumia kampuni fulani, wako vizuri" hakumsaidii. Huenda yeye anatuma 30 na wewe unatuma 4,000.

Turudi Iyumbu. Kwa kiwanja haraka haipo, kiasi ni kikubwa, na jambo la kwanza ni ushahidi. Hela hii haifai kupita kwenye simu ya ndugu. Simu ina kikomo cha kiasi, na siku ikizuka kesi ya ardhi, maneno ya "nilimtumia mdogo wangu akampelekea" hayana nguvu kama hati ya benki inayoonyesha jina lako, jina la muuzaji na sababu ya malipo. Niliposikia jina la akaunti si la muuzaji bali la "shemeji yake", nikamwambia asimame hapohapo. Jina kwenye mkataba wa mauziano na jina kwenye akaunti viwe kimoja. Kiwanja kingekuwa kimetolewa na Halmashauri ya Jiji, hela isingeingia kwa mtu yeyote. Ingelipwa kwa namba ya malipo ya serikali, na afisa anayetaka utume kwenye simu yake ungemkimbia.

Muuzaji alikuwa amesema bei kwa dola. Hilo tulilimaliza mapema. Kanuni zilizoanza kutumika Machi 2025 zinakataza kutangaza bei na kulipia bidhaa na huduma ndani ya Tanzania kwa fedha za kigeni. Lakini hata bila kanuni, dola ingemuumiza: paundi zingegeuzwa dola, kisha muuzaji angezigeuza shilingi, na kila mgeuko una mkato wake. Bei ikaandikwa upya kwa shilingi kwenye mkataba, hivyo deni likawa halipandi wala kushuka na soko.

Bei ikishakuwa ya shilingi, usiandike kiasi unachotuma. Karibu kila kampuni ina kisanduku cha kiasi cha mpokeaji. Andika 13,500,000 pale na uache mashine ikuambie paundi ngapi. Ukipitia SWIFT kuna mtego mwingine. Benki yako itakuuliza nani abebe gharama: OUR maana yake unazibeba wewe, SHA mnagawana, BEN anazibeba mpokeaji. Kwa SHA, benki za katikati zinaweza kujikatia njiani, na muuzaji akapokea kiasi kilichopungua, tuseme kwa elfu hamsini. Kwenye mkataba, pungufu ni pungufu, hata kama si kosa lako. Kwa malipo ya ardhi chagua OUR.

Tanzania haitumii IBAN, kwa hiyo fomu ikikulazimisha kuijaza, usibuni namba. Kinachotakiwa ni namba ya akaunti, jina kamili na msimbo wa SWIFT wa benki, kwa mfano CORUTZTZ kwa CRDB au NMIBTZTZ kwa NMB. Tegemea pia kuulizwa hela imetoka wapi na ni ya nini. Hiyo ni sheria ya kuzuia utakatishaji fedha, ipo huko uliko na ipo nyumbani. Weka tayari hati za mshahara na nakala ya mkataba kabla ya kutuma, maana maombi hayo yakija katikati ya safari, hela husimama hadi ujibu. Na ikichelewa kupita siku tano za kazi, usimlaumu muuzaji wala benki ya Dodoma kwanza. Iombe benki yako namba ya kufuatilia malipo iitwayo UETR, yenye alama 36 ukihesabu herufi, tarakimu na vistari. Kwa namba hiyo wanaweza kufuatilia malipo yamekwama kwenye benki ipi.

Dada yule alituma ya mama usiku uleule, na saa tatu asubuhi mdogo wake alikuwa ameshalipa. Ya kiwanja aliigawa. Alituma kwanza laki mbili kwenye akaunti ya muuzaji mwenyewe, akasubiri muuzaji amtumie picha ya taarifa ya akaunti, akahakikisha zimeingia laki mbili kamili na si laki moja na themanini, ndipo wiki iliyofuata akatuma zilizobaki.