Kabla ya kumeza kidonge cha kwanza cha spironolaktoni

Moyo ukishindwa kusukuma damu vizuri na daktari akakuandikia spironolaktoni, usiione kama dawa nyingine tu ya kukojosha. Kwa miligramu 25 inakojosha kidogo sana. Kazi yake hasa ni kuizuia aldosteroni, homoni inayofanya mwili ushike chumvi na maji, na ikizidi huuachia msuli wa moyo makovu. Utafiti wa RALES wa mwaka 1999 uliwafuata wagonjwa 1,663 wenye hali mbaya kwa wastani wa miaka 2. Waliopewa kidonge kisicho na dawa walikufa 46 katika kila 100. Waliopewa spironolaktoni, 35.

Shida ni kwamba aldosteroni hiyohiyo ndiyo inayotoa potasiamu kwenye mkojo. Ikizuiwa, potasiamu hubaki mwilini, na ikipanda sana huvuruga mapigo ya moyo, mara nyingi bila dalili yoyote kabla. Ndiyo maana damu hupimwa kwanza potasiamu na kriatinini, taka ambayo ikipanda huonyesha figo zimelegea. Potasiamu ikiwa imevuka milimoli 5.0 kwa lita, au figo zinachuja chini ya mililita 30 kwa dakika, kwa kawaida dawa haianzishwi. Siku hiyohiyo andika kwenye daftari la kliniki tarehe za vipimo vijavyo: baada ya wiki 1, wiki 4, miezi 2 na miezi 3, kisha kila baada ya miezi michache. Ukikosa pesa ya vipimo hivyo, mwambie daktari mapema, kabla hujaanza dawa.

Halafu mwaga mezani dawa zote zilizomo nyumbani. Chukua mfano wa mzee wa miaka 62 anayetumia pia enalaprili, dawa ya moyo na presha ambayo nayo hupandisha potasiamu. Alianza akiwa na potasiamu ya 4.6, wiki ya kwanza 5.0, wiki ya nne 5.8, na kriatinini imepanda. Kumbe goti lilimsumbua, akanunua duka la dawa diklofenaki, dawa ya maumivu inayoelemea figo na kupandisha potasiamu. Daktari alisimamisha diklofenaki, akapunguza spironolaktoni hadi nusu kidonge, akampima tena baada ya siku chache: 4.9. Ingefika juu ya 6.0, ingesimamishwa kabisa na mzee angetibiwa siku hiyohiyo. Ibuprofeni ni hatari vilevile, na pia Septrini, dawa ya kuua bakteria ambayo wengi hawaidhanii.

Chumvi mbadala "isiyo na sodiamu" iache dukani, kwani mara nyingi ni potasiamu tupu. Madafu, ambayo Pwani tunamnywesha kila mgonjwa, yana potasiamu nyingi. Si ya kunywa kila siku hapa.

Ukiharisha au kutapika, usisubiri tarehe ya kliniki. Mwili ukikauka figo huelemewa upesi, kwa hiyo pumzisha kidonge na mpigie daktari ujue lini upime na lini uanze tena. Mwanaume akivimba matiti na kuumwa chuchu, aseme. Kuna eplerenoni, dawa ya aina hiyohiyo ambayo haileti hayo mara nyingi, ingawa vipimo vya damu ni vilevile.